Skrinshoti sita au chati nzima?

*"Nilimpa fundi seremala shilingi 1,200,000, nusu ya bei ya kitanda na kabati, na mapatano yote tulifanya WhatsApp. Miezi mitano sasa, sijaona kitanda wala kabati. Nilipomdai hela yangu akanitumia skrinshoti: yeye anasema hela ya vifaa hairudi, na chini yake mimi nimejibu 'Sawa'. Mimi nina skrinshoti zangu sita zinazoonyesha aliahidi kurudisha. Nataka kwenda mahakamani. Mdogo wangu anasema nitoe chati nzima, lakini mle ndani kuna mambo ya nyumbani kwangu na madeni ya kikoba ambayo sitaki mtu ayaone. Skrinshoti sita hazitoshi?"*

Dada yangu, skrinshoti zako sita usizifute, zina kazi yake na nitaifikia. Ila mdogo wako amesema kweli, na aliyekuthibitishia ni huyo huyo fundi kwa hilo "Sawa" alilokurushia. Kabla hujagombana naye juu ya neno hilo, jiulize: nilikuwa namjibu nini?

Chati yenu sijaiona, kwa hiyo nitumie mfano nilioutunga kwa kufuata maelezo yako. Chukulia kwamba kwenye simu yako, jioni ya mapatano, mazungumzo yalikwenda hivi. Ukiyatoa WhatsApp kwenye simu ya Android, faili huandikwa kwa mtindo huu:

```
14/03/2025, 19:42 - Fundi Kabati: Hela ya vifaa ikishatoka hairudi dada
14/03/2025, 19:43 - Mama J: Hapo hapana. Ukichelewa je?
14/03/2025, 19:46 - Fundi Kabati: PTT-20250314-WA0007.opus (file attached)
14/03/2025, 19:48 - Fundi Kabati: Nikipitisha tarehe 30 mwezi wa 4 narudisha yote
14/03/2025, 19:51 - Mama J: Sawa
14/03/2025, 20:07 - Mama J: Nimetuma, angalia
```

Sasa mfikirie fundi na simu yake. Anashikilia kidole kwenye meseji ya 19:43, ile ya sauti ya 19:46 na ile ya 19:48, anachagua `Delete for me`. Zinatoweka kwenye simu yake, na zilizobaki zinasogeleana kana kwamba hapakuwa na kitu katikati. Hakuna pengo wala alama. "Hela ya vifaa hairudi", chini yake "Sawa". Anapiga skrinshoti, anakutumia.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Hukimbilia kusema "ile picha kaitengeneza", na wengine huniletea niichunguze kama imechezewa. Naichunguza, sikuti kitu, kwa sababu picha haijaguswa. Ni picha halisi ya kile kilichokuwa kwenye kioo cha simu yake dakika ile. Kilichochezewa ni mazungumzo kabla ya picha, na picha haina namna ya kusema hilo. Skrinshoti hubeba kioo tu. Meseji zenyewe zinakaa ndani, kwenye kanzidata ya WhatsApp, kila moja na saa yake na namba ya aliyeituma. Kioo huchorwa upya kila unapofungua, kikionyesha sehemu ndogo tu ya hayo yote.

Niwe mkweli: hata yeye akitoa chati nzima kutoka simu yake, faili lake litaruka kutoka 19:42 hadi 19:51 bila kuacha alama. `Delete for me` haiachi kaburi. Lakini kufuta kwake hakufiki kwenye simu yako. Lile swali lako la 19:43 hawezi kukufutia hata afanye nini, maana ni meseji yako. Zake mwenyewe angeweza kuzifuta kwa wote, lakini WhatsApp humruhusu kwa siku mbili na ushee tu baada ya kutuma, na akifanya hivyo faili lako litaonyesha mahali pale pale, na saa ile ile, maneno `This message was deleted`. Kwa hiyo faili lako na lake yakiwekwa pamoja, mstari kwa mstari, yatapishana sehemu moja tu: dakika tisa kati ya 19:42 na 19:51. Swali la hakimu linakuwa jepesi. Mistari mitatu ipo kwenye simu moja na haipo kwenye nyingine, nani ameitoa? Kwa skrinshoti zako dhidi ya zake, hakimu ana picha mbili zinazobishana na hana pa kuzipimia.

Hilo ndilo linalofanya chati nzima iaminike zaidi. Wala si kwamba faili ni gumu kughushi. Faili la `.txt` linaweza kuhaririwa na mtoto wa darasa la tano mwenye kompyuta, na upande wa pili ukiwa na wakili atalisema hilo mapema. Nguvu iko kwenye namna meseji zinavyoshikana. Meseji yako ya 20:07 inasema umetuma hela. Simu yako ina meseji ya muamala ya saa ileile, na kampuni ya simu ina kumbukumbu ya muamala huo ambayo wewe wala fundi hamwezi kuigusa. Meseji ya sauti ya 19:46 ni faili lenye sauti yake. Ukitaka kubandika uongo mmoja katikati ya mazungumzo ya miezi mitano, lazima ukubaliane na yote yaliyouzunguka, na simu ya mwenzako pia. Ukitaka kubandika uongo kwenye skrinshoti sita, unachagua tu zipi uzionyeshe.

Kuna udhaifu mwingine wa skrinshoti ambao watu hawauoni mpaka wawe mbele ya meza. Mteja mmoja alikuja kwangu na skrinshoti 47 zilizochapwa kwenye stationari, zimebanwa kwenye faili la kijani. Nikamwuliza ya kwanza ni ya lini. Akaangalia: juu imeandikwa "Yesterday". Ya pili: "Today". WhatsApp haiandiki tarehe kwa meseji za karibuni, huandika leo na jana, na mwaka mmoja baadaye hakuna anayejua "jana" ile ilikuwa ya lini. Nyingine hazikuwa na hata hilo, maana kitufe cha tarehe kilikuwa kimepita juu ya kioo. Zikaja pia zile alizomtumia dada yake kwa WhatsApp kisha akazirudisha: WhatsApp huzibana picha na kuzivua taarifa za ndani, kwa hiyo hata ile saa picha ilipopigwa ikawa imepotea. Mambo yake yalikuwa ya kweli, nina hakika nayo. Tulichokosa ni namna ya kuyapanga.

Na jina linaloonekana juu ya skrinshoti halithibitishi mtu. Mimi nikihifadhi namba ya shemeji yangu kwa jina "Fundi Kabati", nikamwambia aniandikie "narudisha hela yote", nitapata skrinshoti safi kabisa ya ahadi ambayo fundi hajawahi kuitoa. Hapa faili la chati nalo lina udhaifu uleule, maana huandika jina ulilohifadhi wewe. Ndiyo sababu nakwambia skrinshoti zako zina kazi: fungua ukurasa wa taarifa za fundi ndani ya WhatsApp, ule unaoonyesha namba yake kamili kuanzia +255, piga skrinshoti hiyo. Ndiyo inayounganisha jina lililo kwenye faili na namba, na namba na laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole. Akija kukana kwamba namba ni yake, mahakama ina njia ya kuuliza kampuni ya simu. Wewe huna, kwa hiyo usihangaike kuitafuta kwa njia za pembeni.

Sasa kutoa chati. Kwanza angalia kama mliwasha meseji zinazojifuta. Kama ziko, zima na utoe chati mara moja, maana kuzima hakuziokoi zilizokwisha kutumwa, na kilichojifuta hakitoki kwenye faili. Kisha, kwa Android, ingia kwenye chati ya fundi, gusa vidoti vitatu, `More`, `Export chat`, chagua `Include media`. Kwa iPhone gusa jina lake juu, shuka chini kabisa, utaikuta `Export chat`. Simu itakuuliza upeleke wapi. Jitumie kwa barua pepe yako mwenyewe, kwa sababu barua pepe nayo inaandika siku na saa ya kutumwa, na likibaki kwenye sanduku lako unaweza kuonyesha kwamba faili lilikuwepo tangu siku ile.

Chagua na midia, hata kama litakuwa zito. Bila midia, ile sauti ya 19:46 itageuka maneno mawili tu, `<Media omitted>`, na ahadi yenyewe huenda ilikuwa humo. Ila kuna mtego: kwa njia ya barua pepe, ukichagua na midia WhatsApp hutoa meseji 10,000 za mwisho tu, na bila midia 40,000. Zikizidi hapo, zinazokatwa ni za mwanzo, yaani zile za mapatano. Kwa mtu na fundi wake hamkaribii idadi hiyo, lakini nimewahi kuiona kwa wabia wa biashara waliochati miaka sita. Fungua faili uone linapoanzia. Mstari wa juu ukiwa ule unaosema meseji zimefungwa kwa usimbaji, una chati tangu mwanzo. Ukianzia katikati ya sentensi ya siku ya kawaida, toa faili la pili bila midia, uyatunze yote mawili.

Kufungua kwenyewe kuwe kwenye nakala. Ukilifungua kwa programu ya kuandikia kisha ukabonyeza kuhifadhi, faili linaweza kubadilika hata kama hukuandika neno, na tarehe yake inakuwa ya leo. Lile la kwanza liache. Mdogo wako kama ana kompyuta ya Windows, mwambie aende kwenye folda lilipo, afungue dirisha la amri, aandike:

```
certutil -hashfile chati.zip SHA256
```

Badala ya `chati.zip` aweke jina la faili lako. Itatoka safu ya herufi na tarakimu 64. Hiyo ni kama alama ya kidole ya faili: ukiongeza hata nukta moja ndani, safu yote inabadilika. Iandike kwenye daftari na tarehe, na ujitumie kwa barua pepe. Ijue mipaka yake lakini. Inaonyesha kwamba faili halijaguswa tangu safu ile ilipotolewa. Kilichokuwa kimefanyika kabla haijui. Ndiyo maana inafaa itolewe siku ileile chati ilipotoka, isisubiri siku ya kesi.

Faili lina mambo matatu lisiyoyaonyesha, na usije ukashangazwa nayo. Mtu akijibu kwa kunukuu meseji fulani, nukuu haitokei kwenye faili, unaona jibu tu. "Sawa" yako kama uliibandika juu ya meseji ya 19:48, faili halitaonyesha, kioo kitaonyesha. Piga skrinshoti ya hapo, iwe ya kusindikiza. Tiki za bluu nazo hazimo. Na meseji ikihaririwa, jambo linalowezekana ndani ya dakika 15 za kwanza, faili huandika maneno ya mwisho na kuweka `<This message was edited>`. Maneno ya awali hutayapata. Tarehe pia ziangalie: baadhi ya simu huanza na mwezi, kwa hiyo 04/03 inaweza kuwa Machi 4 au Aprili 3. Tafuta humo humo tarehe iliyozidi 12, itakwambia mpangilio ni upi.

Nije kwenye aibu yako, maana naona ndiyo inayokurudisha nyuma. Unajua watu hufanya nini? Hufuta kwanza yale ya nyumbani, kisha hutoa chati. Usifanye hivyo hata kidogo. Meseji za kikoba ulizomwandikia fundi bado ziko kwenye simu yake. Akileta chati yake, ataonyesha mistari ambayo kwako haipo, na ghafla wewe ndiye uliyefuta. Ule ushahidi niliokueleza, wa dakika tisa zilizotoweka kwake, utakuwa umeuzima kwa mkono wako.

Kutoa chati nzima na kuionyesha yote ni mambo mawili. Toa yote, tunza yote. Utakayopeleka ni sehemu ulizochapa zinazohusu mapatano, malipo na ucheleweshaji, pamoja na meseji kadhaa kabla na baada ya kila sehemu, na useme wazi kwamba ni sehemu na nzima unayo. Palipo na jambo la nyumbani katikati ya ukurasa, paka weusi juu ya nakala iliyochapwa, waziwazi, saa na jina vikibaki vinaonekana. Mtu anayeficha kwa wino mweusi ameeleza kwamba ameficha, na hakimu akitaka kuona ana pa kuanzia. Upande wa pili unaweza kuomba iletwe yote, na mahakama ikaamua hivyo. Siwezi kukuahidi kwamba kikoba hakitatajwa kamwe. Lakini madeni ya kikoba hayapunguzi ahadi ya tarehe 30. Na usiirushe chati hiyo kwenye makundi kumwaibisha fundi, inaweza kukuzalia kesi ya pili.

Kuhusu sheria, kuna habari mitaani kwamba mahakama hazipokei skrinshoti. Si kweli. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, katika kifungu chake cha 18, inasema ushahidi usikataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Katika kuamua kama upokelewe na una uzito gani, mahakama hupima: ulitengenezwa na kutunzwa kwa namna ya kuaminika kiasi gani, ukamilifu wake ulilindwaje, na aliyeutuma alitambuliwaje. Soma tena hayo matatu ukizifikiria skrinshoti zako sita, kisha uyasome ukilifikiria faili, safu ya tarakimu 64 na ile picha ya namba yake. Huenda ukatakiwa pia kula kiapo kueleza ni nani aliyetoa chati, kwa simu gani, siku gani, kwa hatua zipi. Ziandike leo ungali unazikumbuka. Ndugu zetu wa Kenya wana utaratibu wa cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kwa hiyo ukimwona mtu mtandaoni akisisitiza cheti hicho, angalia kwanza anazungumzia nchi gani.

Inawezekana ukagusa `Export chat` ikakataa. Tangu 2025 WhatsApp ina mpangilio wa faragha ya ziada wa chati ambao yeyote kati yenu akiuwasha, unazuia kutoa chati. Ukikuta hivyo, usikubali kudanganywa na programu za ajabu zinazodai kuuvunja. Washa kurekodi video ya kioo, anza kwenye ukurasa wa namba yake, ingia kwenye chati, panda polepole hadi mwanzo, kisha shuka polepole hadi mwisho bila kukata. Ni dhaifu kuliko faili, lakini video moja isiyokatika inabeba mpangilio ambao picha sita hazina.

Hapo, au ikiwa fundi anakana namba, au meseji muhimu zimeshafutwa kwako pia, acha kujaribu mwenyewe. Mwone wakili au msaidizi wa kisheria wa karibu nawe, akuelekeze kwa mchunguzi wa vifaa vya kidijitali anayeweza kusoma kanzidata ndani ya simu. Kila siku unayoendelea kuitumia simu hiyo, mabaki ya kilichofutwa yanazidi kufunikwa. Usiiuze, usiirudishe ilivyotoka kiwandani, usiiondoe WhatsApp na kuiweka upya. Chati uliyochapa inatoka kwenye simu hiyo, na siku ya kusikilizwa nenda nayo ikiwa na chaji, na chaja yake kwenye mkoba, kwa sababu hakimu akisema "hebu tuione", utaifungua mbele yake kwenye meseji za jioni ile ya mapatano.